Ujumbe wa kuchelewa saiti siku daladala zimegoma

*"Mimi ni fundi wa vaibreta, mashine ya kushindilia zege, kwenye jengo la ghorofa Mwenge, naishi Tegeta. Juzi daladala za njia yetu ziligoma. Nikamtumia msimamizi meseji saa 1:40 asubuhi: 'Bosi leo kuna mgomo nitachelewa.' Hakujibu. Nilitembea kwa miguu, nikafika saa 4 kasoro. Akaniambia nirudi nyumbani, siku yangu imekatwa yote. Mtaalamu, ule ujumbe ulikuwa na kosa gani, na ana haki ya kunikata siku nzima?"*

Ndugu fundi, pole kwa mwendo ule. Kutoka Tegeta hadi Mwenge ni kilomita 13 hivi kwa Barabara ya Bagamoyo, na aliyezitembea zote akakuta geti limefungwa ana haki ya kuumia moyoni. Nimesimamia saiti za majengo hapa Dar es Salaam kwa miaka mingi kabla ya kuhamia kwenye masuala ya wafanyakazi, kwa hiyo nimewahi kuwa yule aliyepokea meseji kama yako. Nitaanza na meseji yenyewe, kwa sababu nadhani siku yako ilipotea hapo, kisha nitakuja kwenye malipo.

Tazama kwanza msimamizi alikuwa katika hali gani ilipoingia. Kazi inaanza saa 1:00. Saa 1:40 alikuwa amekwisha kuhesabu watu, amekwisha kuona pengo la vaibreta, na huenda amekwisha kuchukua kibarua mwingine getini au kuahirisha zege. Ujumbe wako ulikuwa mpya, lakini uamuzi uliotakiwa kuuongoza ulikuwa umekwisha kupita kwa dakika 40. Kwa msimamizi, meseji ya kuchelewa ina thamani kubwa kabla ya saa ya kuanza kazi, na thamani hiyo huporomoka haraka baada ya hapo, hata kama sababu yako ni ya kweli kabisa.

Nikueleze kwa nini ni hivyo, maana ndipo utakapoona nini kiandikwe. Chukua slabu ya kawaida ya meta 10 kwa meta 8 yenye unene wa sentimeta 15. Hiyo ni meta za ujazo 12, na kwa mchanganyiko wa kawaida wa mifuko 7 kwa kila meta ya ujazo unazungumzia mifuko 84 ya saruji. Ukishafungua mfuko wa kwanza na kutia maji, huwezi tena kukaa kusubiri watu. Zege lililomwagwa linatakiwa likutane na lile linalofuata likiwa bado laini, na katika joto letu mimi huhesabu saa moja, au saa moja na nusu ikiwa kuna mawingu. Wabebaji wakiwa wachache, ukingo wa zege unakauka kabla karai la pili halijafika, na hapo unapata mshono ambao haukupangwa, ambao baadaye utavujisha maji na kuidhoofisha slabu. Na vaibreta isipokuwepo, wewe unajua kuliko mimi: unavua mbao unakuta matundu kama sega la nyuki na nondo zinachungulia.

Kwa hiyo asubuhi ya mgomo msimamizi ana swali moja tu la kuamua kabla ya saa 1: nimwage zege yote, nimwage sehemu, nichelewe kuanza, au niahirishe? Ili alijibu anahitaji kujua ni nani watafika, wangapi, na saa ngapi. Meseji yako ilimwambia kwamba kuna mgomo, jambo ambalo bila shaka alikwisha kulisikia redioni au kwa mlinzi, na kwamba utachelewa, jambo ambalo alikuwa analiona kwa macho yake. Hakuna hata neno moja ambalo angelitumia kuamua.

Nitakupa tukio langu mwenyewe. Ijumaa ya tarehe 10 Aprili 2015 madereva wa mabasi na daladala waligoma nchini, wakipinga pamoja na mambo mengine agizo la kurudi darasani kila wanapohuisha leseni. Wakati ule mwendokasi haujaanza, kwa hiyo daladala zikisimama jiji zima linatembea kwa miguu. Nilikuwa na slabu ya kumwaga Sinza na nilitegemea watu 22. Ilipofika saa 1 walikuwa 9. Simu yangu ilijaa meseji, na karibu zote zilisema "bosi kuna mgomo" kwa maneno tofauti tofauti. Sikuweza kuzitumia. Kisha nikasoma moja ya saidia fundi aliyekuwa akiishi Kimara, iliyoingia saa 12:45: "Tunatembea kutoka Kimara Mwisho tupo wanne tutafika saa 3 asubuhi." Kwa meseji hiyo moja nilipata hesabu. Tisa na wanne ni 13, idadi isiyotosha slabu nzima lakini inatosha nusu. Nilimpigia injinia, akakubali tuweke ubao wa kuzuilia zege katika theluthi ya kati ya upana kati ya boriti na boriti, tukaanza saa 3:15, tukamwaga nusu kwa usalama. Wale wanne walilipwa, na baadhi ya wale ambao walifika saa 4 na saa 5 bila kusema chochote cha maana niliwarudisha. Sijivunii kuwarudisha, kwa sababu nao walikuwa wametembea. Ila sikuwa na namna ya kuwapangia kazi watu ambao sikujua kama wapo njiani au wamelala.

Sasa ujumbe wako. Kwa mazingira uliyonieleza, ungeuandika hivi, ukautuma kama saa 12:15 alfajiri kutoka kituoni, mara tu ulipoona kwamba hakuna gari linalopakia:

*Shikamoo mzee. Ni Juma wa vaibreta. Daladala za Tegeta zimegoma. Tunatembea, mimi na Hamisi na Said. Tutafika saa 3:15 asubuhi. Ufunguo wa stoo ninao mimi.*

Majina ni ya mfano tu, weka yenu. Ujumbe huu una herufi na nafasi zisizofika 160, kwa hiyo unaingia katika meseji moja ya kawaida, na nakushauri utumie meseji ya kawaida kabla ya WhatsApp, kwa sababu msimamizi aliye juu ya jengo alfajiri huenda hajawasha data, au bando limekwisha usiku. Kila sehemu yake ina kazi, na nitazipitia zile ambazo watu hukosea.

Salamu imo, lakini imo ndani ya meseji ileile. Najua mazoea yetu: mtu anatuma "Shikamoo bosi" peke yake, anasubiri "marahaba," ndipo aseme shida yake. Siku ya mgomo adabu hiyo inakugharimu. Msimamizi anaona kwenye kioo cha simu salamu kumi zinazofanana, hafungui hata moja, na wewe umekaa kituoni unasubiri aitikie. Msalimu kwa heshima inayomstahili kwa umri wake, na bila kuweka kituo cha kusubiri endelea na jambo. Kama ni kijana kuliko wewe, "Habari za asubuhi, Injinia" inatosha.

Jina na kazi yako vimo kwa sababu namba yako inaweza isiwe imehifadhiwa kwenye simu yake, na hata ikiwa imehifadhiwa, neno "vaibreta" ndilo linalomwambia ni pengo gani analotakiwa kuliziba.

Neno "mgomo" limeandikwa pamoja na daladala na jina la njia. Hili usilipuuze. Ukimwandikia msimamizi wa saiti "leo kuna mgomo," hasa kama malipo ya wiki yamechelewa, jambo la kwanza linalomjia ni kwamba vibarua wake wamegoma. Nimewahi kuona meseji ya namna hiyo ikipelekwa moja kwa moja kwa mkandarasi, na aliyeiandika akaitwa ofisini kueleza ni nani anawachochea wenzake, wakati alikuwa amekwama kituoni tu. Njia nayo ina maana yake, kwa sababu siku hizi mgomo hausimamishi jiji zima. Mtu wa Kimara anaweza kuja na mwendokasi, kwa hiyo msimamizi anayesoma "daladala zimegoma" bila njia anajiuliza kwa nini hukupanda gari lingine. Akisoma Tegeta anaelewa.

Saa ya kufika ni kiini cha ujumbe wote, na ndipo makosa mengi yanapotokea. Kwanza, usiandike "nitachelewa kidogo" au "nipo njiani." Piga hesabu. Mtu mzima anayetembea bila kusimama anakwenda kilomita 5 hivi kwa saa, kwa hiyo kilomita 13 ni saa 2 na dakika 36. Ongeza muda wa kunywa maji na kuvuka barabara, sema saa 3 kamili. Ukianza saa 12:15 alfajiri unafika saa 3:15. Ni afadhali kuahidi 3:15 ukafika saa 3 kuliko kuahidi saa 2:30 ili kumpoza bosi, ukafika 3:15. Ahadi ikivunjika ndipo zege linapokosa mtu wa vaibreta katikati ya kazi.

Pili, andika saa kwa Kiswahili na uweke neno "asubuhi." Simu yako inaonyesha 9:15 wakati ni saa tatu na robo. Nimeona fundi akinakili alichokiona kwenye kioo, akaandika "nitafika 9:15," na msimamizi akasoma saa tisa na robo alasiri, akamtafuta mtu mwingine palepale. Kama msimamizi wako ni mgeni asiyejua hesabu yetu ya saa, mwandikie 9:15 pamoja na alama ya AM, lakini chagua hesabu moja ambayo anaielewa na usichanganye.

Wenzako nao watajwe kwa majina. Meseji moja yenye watu watatu inamsaidia kuliko meseji tatu, na inawakinga wale ambao simu zao hazina salio. Ila taja tu wale uliowaona kwa macho na ambao wameanza safari pamoja nawe. Ukimtaja mtu kwa kumhurumia halafu asitokee, msimamizi atakuwa amepanga kazi juu ya mtu hewa, na siku nyingine hatayaamini maneno yako.

Ufunguo wa stoo ni mfano wa kitu ambacho wafanyakazi hukisahau kabisa. Sijui kama wewe unakaa nao, lakini mafundi wengi wa mashine ndio hufunga stoo jioni. Kama una ufunguo, au mafuta ya vaibreta umeyahifadhi mahali unapopajua mwenyewe, useme, ili mtu atumwe kukupokea kwa pikipiki au kufuli livunjwe kwa ruhusa. Saiti inaweza kusimama kwa ajili ya ufunguo hata watu wote wakiwepo.

Baada ya meseji hiyo, ngoja dakika kumi, kisha piga simu mara moja. Piga kweli, usibipu, kwa maana msimamizi mwenye watu 20 mbele yake hawezi kumpigia kila aliyembipu. Akipokea, uliza swali moja lililo wazi: "Niendelee kuja, au utanipangia kesho?" Swali hilo hukuliuliza juzi, na pengine ndilo lingekuokoa na kilomita 13 za bure. Asipopokea, litume kwa meseji na uendelee kutembea. Ukifika Africana au Tangi Bovu tuma meseji fupi kwamba upo hapo, na urekebishe saa ikiwa imebadilika. Ukipata lifti na sasa utafika saa 2:30, mwambie. Migomo ya daladala wakati mwingine huisha siku ileile, magari yakarudi barabarani mchana, kwa hiyo kauli ya saa 12 alfajiri si lazima iwe kweli saa 3.

Picha ya kituo kilichojaa watu inaweza kusaidia baadaye ukitakiwa kuthibitisha, na simu huhifadhi saa iliyopigwa. Lakini kama polisi wapo na watu wanarushiana maneno, achana nayo. Siku ile ya 2015 pale Ubungo yalipigwa mabomu ya machozi, na hakuna ushahidi wa kuchelewa unaostahili kuupatia jeraha.

Nije kwenye malipo. Hapa lazima nitenganishe mambo mawili ambayo kwenye saiti huitwa kwa jina moja la "kukatwa." La kwanza ni kutolipwa kwa muda ambao hukufanya kazi. La pili ni kutozwa faini kutoka kwenye fedha ulizokwisha kuzifanyia kazi.

Kwa jambo la kwanza, mgomo wa daladala hauhamishi hasara ya muda wako kwenda kwa mwajiri, isipokuwa mkataba wenu unasema hivyo. Tuseme unalipwa shilingi 27,000 kwa siku ya saa 9 za kazi, kuanzia saa 1 asubuhi hadi saa 11 jioni ukiondoa saa moja ya mapumziko. Hiyo ni shilingi 3,000 kwa saa. Ukifika saa 3:15 umekosa saa 2 na robo, yaani shilingi 6,750, na ukifanya kazi hadi jioni unastahili 20,250. Kwa mwenye mshahara wa mwezi na wiki ya saa 45, hesabu ya Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inatoa saa 195 kwa mwezi, kwa hiyo anayelipwa shilingi 390,000 ana shilingi 2,000 kwa saa, na saa 2 na robo ni 4,500. Kumkata siku nzima mtu aliyefanya kazi saa 6 na dakika 45 ni jambo ambalo hesabu hii haiwezi kulihalalisha.

Kwa jambo la pili, kifungu cha 28 cha sheria hiyo hakimruhusu mwajiri kukata ujira kwa utashi wake. Makato lazima yawe yameruhusiwa na sheria, makubaliano ya pamoja, amri ya mishahara, amri ya mahakama au tuzo ya mwamuzi, au wewe mwenyewe uwe umekubali kwa maandishi kulipa deni. Kwa hiyo akikuambia kwamba kwa sababu ulichelewa Jumanne anakutoa siku ya Jumatatu uliyokwisha kuifanyia kazi, hapo una malalamiko ya haki.

Wewe hukufanya kazi siku hiyo kwa sababu alikurudisha. Hilo ni gumu zaidi kuliko mifano yote miwili, na jibu linategemea mkataba wako: kama wewe ni kibarua wa siku kwa siku, atasema hakukuajiri siku hiyo, kama una mkataba wa muda au umekuwa ukifanya kazi kwake mfululizo, una hoja kwamba ulijitokeza ukiwa tayari kufanya kazi na yeye ndiye aliyekuzuia. Ningekuwa wewe ningeanza kwa kuzungumza naye siku isiyo na zege, nikiwa na ile meseji na saa niliyofika, niombe walau saa zilizobaki zihesabiwe. Ikishindikana, viongozi wa TAMICO, chama kinachowahusu wafanyakazi wa ujenzi, wanaweza kukusindikiza, na mlango wa mwisho ni Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ambayo kwa mgogoro wa malipo kama huu inakupa siku 60 tangu jambo lilipotokea. Kwa siku moja ya kibarua watu wengi hawafiki huko, nami siwalaumu, lakini ukiona inajirudia usiache siku hizo zikapita.

Kuhusu hofu ya kufukuzwa, ambayo hukuitaja lakini naiona nyuma ya swali lako: kuchelewa mara moja kwa sababu inayoeleweka si kosa la kuachishwa kazi. Kanuni za Utendaji Bora za mwaka 2007 zinahesabu kuwa kosa zito kutokuwepo kazini zaidi ya siku 5 za kazi bila ruhusa au sababu inayokubalika. Kwa hiyo meseji yako usiifute. Ikiwa na tarehe na saa, inaonyesha kwamba ulitoa taarifa na sababu.

Siku utakayofika umechelewa, nenda kwa msimamizi kabla ya kuvaa ovaroli, mwambie umefika, kisha uandike kwenye daftari la mahudhurio saa halisi uliyoingia. Wengi huandika saa 1:00 kwa mazoea, au humwachia mwenzao awaandikie. Saa ya kweli ndiyo itakayokuletea zile 20,250, na ile ya uongo ndiyo itakayompa msimamizi sababu ya kuikata siku yote.

Na kwa kuwa habari za migomo mara nyingi huanza kusikika jioni yake, kutoka kwa konda au dereva unayemfahamu, ukizisikia mwandikie msimamizi usiku huohuo kabla ya saa 3: "Mzee, konda wa njia yetu anasema kesho daladala za Tegeta huenda zisifanye kazi. Nikikosa gari nitaanza kutembea saa 11 alfajiri, nifike saa 2. Ufunguo wa stoo nimemwachia mlinzi." Kisha umwachie mlinzi huo ufunguo kweli, mbele ya shahidi.